Diski ya Japani kwenye PS2 ya Ulaya: kufuli ni moja, picha ni jambo jingine

*Habari mtaalamu. Nina PS2 ile nyembamba, nyuma imeandikwa SCPH-70004. Nimepata mtu anauza gemu ya Kijapani, diski halisi, kodi yake inaanza na SLPM. Anasema itacheza bila shida kwa sababu Japani na Ulaya zote ni "region 2". Rafiki yangu naye anasema nisinunue, nitaona picha nyeusi na nyeupe tu. Nimsikilize nani?*

Ndugu, wote wawili wameshika kitu cha kweli wakakiweka mahali pasipo pake. Kwa mashine yako kama ilivyotoka kiwandani, diski hiyo haitawaka. Rangi haihusiki hapo, maana hutafika hatua ya kuona rangi. Ukishapata njia ya kuiwasha, ndipo suala la rafiki yako linapokuja, na kwa tivi nyingi za siku hizi lina jibu zuri kuliko anavyodhani.

Nianze na muuzaji. Hiyo "region 2" anayoitaja ipo, na ni kweli Japani na Ulaya zimewekwa humo pamoja. Lakini huo ni mgawanyo wa filamu za DVD. PS2 ina kicheza filamu ndani yake, na kicheza filamu hicho hufuata namba hizo. Gemu zina mgawanyo wao mwingine kabisa, wenye kambi tatu kubwa: Japani na majirani zake wa Asia, Amerika Kaskazini, na Ulaya pamoja na Australia. Kwa hiyo filamu ya DVD ya Kijapani inaweza kucheza kwenye mashine yako vizuri, na dakika hiyo hiyo gemu ya Kijapani ikakataliwa. Sidhani muuzaji anakudanganya. Kosa hili wanalifanya watu wengi, kwa sababu gemu nyingi za PS2 zimo kwenye diski za DVD na mtu huona ni kitu kimoja.

Upande wa mashine, kambi yake huisoma kwenye tarakimu ya mwisho ya namba ya modeli. Yako inaishia na 4, yaani Ulaya bara. Ikiishia na 3 ni ya Uingereza, na 2 ni ya Australia, na hizo zote hula diski zile zile za Ulaya. Ikiishia na 1 ni ya Amerika Kaskazini, na 0 ni ya Japani. Kwenye diski, herufi za mwanzo ndizo zinazosema: SLES na SCES ni za Ulaya, SLUS na SCUS za Marekani, SLPS, SLPM na SCPS za Japani. SLPM kwenye mashine inayoishia na 4 ni kambi mbili tofauti, basi.

Kama diski imepoteza kasha na maandishi ya juu yamefutika, iweke kwenye kompyuta yenye kisoma DVD. Mafaili yake yataonekana kama ya diski yoyote. Tafuta faili dogo liitwalo `SYSTEM.CNF`, lifungue kwa programu ya kuandikia ya kawaida, utakuta mistari ya namna hii (tarakimu nimezifunika kwa X):

```
BOOT2 = cdrom0:\SLPM_XXX.XX;1
VER = 1.00
VMODE = NTSC
```

Mstari wa kwanza ni programu ambayo mashine itaiendesha, na jina la programu hiyo ndiyo kodi ya diski. Mstari wa tatu unatangaza mfumo wa picha. Nasema unatangaza kwa makusudi, kwa sababu si huo unaofunga mlango. Mtu akinakili diski na kubadilisha neno NTSC kuwa PAL, mfumo wa Ulaya, hajabadilisha chochote cha maana, kwani gemu yenyewe ikishaanza ndiyo inayoiamuru chipu ya picha itoe mawimbi gani.

Kufuli lenyewe liko wapi? Njia rahisi ya kulielewa ni kurudi kwa kaka yake mkubwa, PlayStation ya kwanza. Kwenye diski za mashine ile, njia anayoifuata lenzi iliyumbishwa kwa makusudi kwenye sehemu ya ndani kabisa ya diski, kabla data haijaanza. Mtikisiko huo ukisomwa unatoa herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine inazilinganisha na zile inazozijua, na zisipolingana hakuna gemu. Kichomeo cha CD cha kawaida hakiwezi kuchora mtikisiko ule, hivyo kufuli moja lilifanya kazi mbili: kuzuia diski za kunakili na kuzuia diski za nje. Chipu zilizokuwa zikichomelewa ndani ya mashine zilikuwa zinafanya kitu kimoja tu, kuinong'onezea mashine herufi inazotaka kuzisikia. PS2 imebadilisha namna ya ukaguzi lakini desturi imebaki ile ile: diski inakaguliwa kabla gemu haijapewa nafasi ya kusema lolote. Na ukiweka diski ya PlayStation ya kwanza ya Kijapani kwenye PS2 yako, nayo itakataliwa.

Dalili ya kufuli ni rahisi kuiona. Menyu inawaka kama kawaida, diski inazunguka, kisha unaletewa skrini nyekundu yenye maneno `Please insert a PlayStation or PlayStation 2 format disc.` Tatizo ni kwamba lenzi iliyochoka hutoa skrini hiyo hiyo. Kwa hiyo usihukumu kwa diski moja. Weka gemu ya Ulaya unayojua inacheza, na iwe ya aina ile ile ya diski: PS2 ilitumia CD, zenye rangi ya bluu upande wa chini, na DVD, zenye rangi ya fedha. Lenzi inayokufa mara nyingi huanza kushindwa na aina moja huku nyingine ikiendelea. Diski ya fedha ya Ulaya ikicheza na ya fedha ya Japani ikaleta wekundu, lenzi yako ni nzima, hilo ni kufuli.

Sasa rafiki yako. Anachokisema kinatoka kwenye enzi za tivi za kioo kinene, na kina sababu yake. PAL huchora picha kwa mistari 625 na kuonyesha upya mara 50 kwa sekunde. NTSC, ya Marekani na Japani, ina mistari 525 na inaonyesha upya karibu mara 60 kwa sekunde, 59.94 kwa hesabu kamili. Hapo kuna tofauti ya mwendo. Kuna tofauti ya pili iliyojificha ndani ya waya wa manjano: rangi husafirishwa juu ya wimbi dogo, na wimbi hilo ni takriban megahezi 4.43 kwa PAL na 3.58 kwa NTSC. Tivi inaweza kulimudu la kwanza ikashindwa la pili. Ikishindwa mwendo, picha inapanda juu na kujiviringisha bila kutulia, au tivi inaandika kwamba hakuna ishara ingawa sauti ya gemu unaisikia. Ikimudu mwendo lakini isijue kusoma wimbi la rangi, picha inatulia vizuri kabisa, isipokuwa ni nyeusi na nyeupe. Hiyo ndiyo picha ya rafiki yako. Ukiiona, ujue kufuli limeshapitwa na mwendo umekubalika, na kilichobaki ni rangi tu.

Na rangi ina dawa nyepesi: acha waya wa manjano. Waya huo unabana mwanga na rangi zote kwenye uzi mmoja, ndiyo maana wimbi la rangi linahitajika. Ukitumia waya wa RGB unaoingia kwenye tundu la SCART, au waya wa komponenti wenye vichwa vya kijani, bluu na nyekundu, rangi zinasafiri kwenye nyuzi zake na lile wimbi la 4.43 au 3.58 halina kazi tena. Kabla hujabadilisha waya, ingia `System Configuration` kwenye menyu ya PS2, tafuta `Component Video Out`. Kwa SCART ya RGB chagua `RGB`, kwa komponenti chagua `Y Cb/Pb Cr/Pr`. Ukikosea hapo utapata picha ya kijani kibichi au ya zambarau na utadhani mashine imekufa. Vile vidude vya bei nafuu vinavyogeuza PS2 kuwa HDMI mara nyingi vinataka `Y Cb/Pb Cr/Pr`, na malalamiko mengi ya "kidude kibovu" huishia kwenye mpangilio huo mmoja.

Habari njema kwako ni kwamba kuvuka mpaka huu si sawa pande zote mbili. Tivi zilizouzwa kwenye nchi za PAL kuanzia miaka ya 1990 nyingi zinapokea mara 60 kwa sekunde, na za bapa karibu zote zinapokea NTSC kwa rangi zake. Za Marekani na Japani ndizo ngumu, nyingi hazijui kabisa mara 50 ni nini. Mtu wa Marekani anayeagiza gemu ya Ulaya ana vita viwili. Wewe una kimoja na kipande.

Na unaweza kuipima tivi yako leo hii, kabla hujatoa hata senti. Gemu kadhaa za Ulaya za PS2 zinapoanza hukuuliza uchague 50Hz au 60Hz. Kama unayo mojawapo, chagua 60Hz. Kwenye PS2, 60Hz hiyo ni mawimbi ya namna ile ile ambayo gemu ya Kijapani ingetoa. Picha ikitulia na ikiwa na rangi, tivi yako imepita mtihani kwa waya huo uliouchomeka. Ikiwa nyeusi na nyeupe, badilisha waya kama nilivyoeleza. Ikijiviringisha, hapo tivi ndiyo inayokwama, na hakuna diski ya NTSC itakayokutulizia picha kwenye tivi hiyo bila kigeuzi katikati.

Huenda unajiuliza kwa nini mtu ajisumbue na diski ya nje wakati ya Ulaya ipo. Lugha ni sababu, na gemu ambazo hazikuletwa Ulaya ni sababu nyingine, lakini kuna hii ya mwendo ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Gemu nyingi za zamani zilihesabu muda kwa picha, si kwa saa. Chukua mzunguko mmoja wa mbio za magari uliotengenezwa uchukue sekunde 60 kwenye mashine ya mara 60: hizo ni picha 3,600. Kampuni ikiipeleka gemu Ulaya bila kurekebisha hesabu, picha 3,600 kwa mara 50 zinachukua sekunde 72. Gari ni lile, barabara ni ile, ila kila kitu kinatembea kwa tano ya sita ya mwendo wake. Mara nyingine hata muziki unaburuzika. Na kwa kuwa PAL ina mistari 576 ya kuonekana wakati gemu ilichorwa kwa 480, inabaki mistari 96 isiyo na kitu, unaiona kama michirizi miwili myeusi juu na chini, na picha ya katikati imebanwa kidogo. Final Fantasy X ya Ulaya inajulikana kwa michirizi hiyo. Wapo waliofanya kazi yao vizuri, wakapanua picha na kusahihisha mwendo, na wapo walioweka chaguo la 60Hz, ambalo kwangu mimi ndilo la kwanza kulitafuta. Kama gemu unayoitaka ipo kwa toleo la Ulaya lenye 60Hz, na lugha ya Kijapani si lengo lako, nunua hilo uache SLPM ilale.

Ukibaki na nia yako, kuna njia za kuvuka kufuli, na sizipi uzito sawa.

Ya uhakika kuliko zote ni kupata PS2 ya Kijapani. Diski na mashine za kambi moja, hakuna ujanja wa kukumbuka. Angalia kitu kimoja tu: kibao cha umeme. PS2 nene za Kijapani zimeandikwa 100V, na ukizichomeka kwenye umeme wa 220 au 230 moja kwa moja utasikia harufu kabla ya muziki. Zinahitaji transfoma ya kushusha. Usiamini kwamba plagi ikiingia basi umeme unafaa.

Chipu ya kuchomelea ndani inafanya kazi pia, lakini nyuzi zake ni nyembamba na nukta za kuchomelea ni ndogo sana. Kwa gemu moja, mimi singeruhusu mtu aifungue mashine nzima kwa ajili hiyo. Diski za kubadilishana, kama Swap Magic, hazihitaji kuchomelea chochote: mashine inawashwa na diski inayokubalika, kisha unaitoa na kuweka ya Kijapani bila mashine kujua kwamba kifuniko kimefunguliwa. Kwenye PS2 nyembamba, ambayo kifuniko chake kinafunguka juu, kinachotakiwa ni kuzuia vile vitufe vidogo vinavyohisi kifuniko. Ni njia ya kizamani na ina usumbufu wake kila unapowasha, ila inatumia diski yako halisi.

Njia ninayoona inakufaa wewe ni kadi ya memori yenye Free McBoot. Ni programu inayokaa kwenye kadi ya kawaida, na mashine ikiwaka inaisoma kabla ya menyu yake yenyewe. Kutoka hapo unafungua Open PS2 Loader, ambayo watu huiita OPL, na OPL inaendesha nakala ya diski iliyotengenezwa kuwa faili la ISO. Diski haiingii kwenye mashine, kwa hiyo hakuna wa kuikagua. Modeli yako ya 70004 inaikubali. Zinazokataa ni zile za mwisho kabisa za mfululizo wa 90000, ambazo zilifungwa tundu hilo. Nakala unaitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta kutoka kwenye diski yako. Sheria ya nakala binafsi hutofautiana nchi na nchi, soma ya kwako.

Usikimbilie flashi, lakini. Matundu ya USB ya PS2 ni ya kizazi cha kwanza, 1.1, na kasi yake ni ndogo kuliko ya kisoma diski chenyewe. Gemu itawaka, utacheza, halafu ikifika sehemu ya filamu fupi picha inakwama na sauti inakatika. Watu huona hivyo wakasema nakala ni mbovu. Nakala ni nzima, bomba ndilo jembamba. Mashine yako ina tundu la mtandao nyuma: weka ISO kwenye kompyuta, unganisha kwa waya wa mtandao, na OPL itaisoma kutoka huko kwa utulivu zaidi.

Ndani ya OPL kuna kitu kiitwacho GSM, kinachoweza kulazimisha gemu itoe mfumo wa picha mwingine. Kwa SLPM yako hukihitaji ikiwa tivi imepita mtihani wa 60Hz. Nakitaja kwa sababu utakiona na utataka kukijaribu kwenye gemu zako za Ulaya. Kwa gemu iliyoletwa Ulaya ikiwa goigoi, kuilazimisha 60 kunairudishia mwendo wake wa asili. Kwa ile ambayo waliirekebisha ikae sawa kwenye 50, utaipata ikikimbia mara 1.2, yaani 60 gawanya kwa 50, asilimia 20 zaidi ya ilivyokusudiwa. Zingine zitagoma tu na kubaki na skrini nyeusi.

Kwa mashine nyingine nitapita haraka, maana najua swali litafuata. PS3 haifungi gemu zake, isipokuwa chache sana, Persona 4 Arena ikiwa ndiyo maarufu zaidi, lakini diski za PlayStation ya kwanza na ya pili ukiziweka ndani yake zinafungwa vile vile kama zamani. PSP haina kufuli la gemu. GameCube na Wii zinafunga. Xbox 360 iliwaachia wachapishaji waamue gemu kwa gemu, kwa hiyo hapo hakuna kanuni, unaangalia jina la gemu husika.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu SLPM yako, ukishaiwasha. Gemu nyingi za Kijapani huthibitisha kwa kitufe cha duara na kughairi kwa kile cha msalaba, kinyume na ulivyozoea. Usije ukafuta kitu kwa kudhani unarudi nyuma. Na kama ulishacheza toleo la Ulaya la gemu hiyo hiyo, usitegemee kuendelea ulipoishia: kwenye kadi ya memori, faili la Ulaya linaanza na BE likifuatwa na kodi ya diski, la Marekani BA, la Kijapani BI. Gemu ya Kijapani inatafuta jina lake, haitaliona la Ulaya hata likiwa kando yake kwenye kadi ile ile. Utaanza mwanzo.